Mvua Ilinyesha, Ndengu Zikakauka

Januari, msimu wa mvua ukiwa umekwisha na jua la Mwingi limerudi katika ukali wake, afisa wa kilimo husimama mbele ya baraza kusikia msimu ulivyokwenda. Mama mmoja mzee huinuka, akajifunga leso vizuri, akasema: "Mwanangu, yale mliyotuambia Oktoba si kweli." Kisha huketi. Hasemi ni lipi lisilo kweli, na wengine wanatikisa vichwa kumuunga mkono.

Mama huyo si mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Msimu utakaosimuliwa hapa pia umejengwa kwa tarakimu za mfano, ila hauna jambo geni kwa mkulima wa Migwani, Nuu, Kyuso au Tseikuru. Kila kipande chake hutokea Kitui, mara nyingine vyote pamoja katika mwaka mmoja. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni yale maneno mawili, "si kweli", na kazi inayomwangukia afisa aliyeambiwa. Jibu alilolileta Oktoba lilikuwa na sehemu kadhaa. Mojawapo imeanguka, pengine mbili. Mama hakusema ni ipi, na huenda hata yeye hajui.

Jibu lenyewe lilikuwa utabiri wa msimu wa Oktoba, Novemba na Desemba. Huko juu Kiambu au Nakuru watu huhesabu mwaka kwa mvua za Machi hadi Mei, lakini Ukambani wa chini ni mvua hizi za mwisho wa mwaka zinazojaza ghala. Zile za Machi huja kidogo na kwa kusitasita, na wazee wengi hupanda wakati huo kwa kubahatisha tu. Kwa hiyo utabiri wa Oktoba una uzito mkubwa Mwingi. Mtu hununua mbegu, hukodi ng'ombe wa kulima na huuza mbuzi au humbakisha kwa kutegemea ulivyosema.

Tuseme basi utabiri ulifika hivi: mvua ingeanza wiki ya tatu ya Oktoba, ingekoma wiki ya tatu ya Desemba, na jumla ingekuwa ya wastani au juu kidogo ya wastani. Kwa kituo cha kupimia mvua kilicho karibu, tuseme wastani wa miaka mingi kwa miezi hiyo mitatu ni milimita 350. Ndani ya waraka uliotoka Nairobi kulikuwa pia na tarakimu za uwezekano: asilimia 45 kwamba mvua itazidi wastani, asilimia 35 kwamba itakuwa ya wastani, asilimia 20 kwamba itapungua. Afisa akaongeza ushauri wake: pandeni ndengu aina ya N26, ile inayoitwa nailoni, kwa sababu hukomaa kwa siku 60 hadi 65.

Ukihesabu vizuri, hayo ni madai sita. Kuna tarehe ya kuanza, tarehe ya kukoma, jumla, uwezekano, eneo linalosemewa, na mbegu ya kupanda. Yote yalisemwa kwa pumzi moja, na masikioni mwa baraza yakawa kitu kimoja.

Afisa aliyeambiwa "si kweli" ana njia mbili rahisi, na zote mbili ni mbaya. Ya kwanza ni kufungua daftari la kipimamvua na kujitetea. Tuseme daftari linaonyesha milimita 364 kwa msimu mzima. Wastani ni 350. Utabiri ulisema wastani au juu kidogo, na mvua imekuja ya wastani. Anaweza kumwonyesha mama ukurasa na kumwambia kwamba kipimo kinathibitisha utabiri. Atakuwa amesema kweli, na mama atarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba ofisi haimsikii, kwa maana ghala lake lina debe mbili za ndengu badala ya gunia tatu.

Njia ya pili ni kuomba radhi kwa yote. Hii huonekana ya kiungwana, lakini madhara yake hudumu zaidi. Afisa akikubali kwamba utabiri wote ulikuwa bure, mama ataacha yote sita kwa pamoja. Oktoba ijayo atarudia mahindi ya siku nyingi, kwa kuwa mbegu ya nailoni nayo ilikuwa sehemu ya "yale mliyotuambia". Sehemu iliyokuwa nzuri itazikwa pamoja na iliyooza.

Njia ya tatu huanza kwa maswali, na ni lazima yawe maswali ya alichokiona, si ya anachokifikiri. Ukimuuliza mtu "kosa liko wapi?" unamtaka afanye uchunguzi ambao ni kazi yako. Atakujibu kwa kubahatisha au atanyamaza. Lakini ukimuuliza alipanda siku gani, mbegu zilichomoza lini, na maua yalikuwaje Krismasi, anajibu bila shida, kwa sababu alikuwepo. Tarehe nazo hupatikana kwa kushika siku ambazo kila mtu anazikumbuka: Sikukuu ya Mashujaa, Oktoba 20, mitihani ya kidato cha nne, Jamhuri Dei, Desemba 12, Krismasi.

"Mama, mvua ya kwanza ilikukuta wapi?"

"Ilianza usiku wa kuamkia Mashujaa. Ikanyesha siku mbili. Nikapanda kesho yake."

Hapo afisa ana kipande cha kwanza, na daftari linakubaliana naye: milimita 34 katika siku mbili, Oktoba 19 na 20. Wiki ya tatu ya Oktoba, kama ilivyotabiriwa. Ukimuuliza mama, atakwambia kwamba kwa jambo hili utabiri ulisema kweli, mvua ilianza wiki iliyotajwa. Lakini hapa ndipo uchunguzi unapogeuka, kwa kuwa sehemu ambayo mlalamikaji anaisifu ndiyo iliyoanguka kwanza.

Wataalamu wa kituo cha hali ya hewa cha IGAD kilichoko viungani mwa Nairobi, ICPAC, hawahesabu mvua ya kwanza kuwa mwanzo wa msimu hivi hivi. Kipimo kinachotumika ni kwamba mvua ifike milimita 20 au zaidi katika siku tatu zinazofuatana, na ndani ya siku 21 zitakazofuata pasiwe na ukavu wa siku saba mfululizo. Sharti la kwanza ni la maji ya kuotesha mbegu. La pili ni la maji ya kuiweka hai ikishaota. Milimita 34 zilitimiza la kwanza. Tazama la pili: daftari linaonyesha sufuri kutoka Oktoba 21 hadi Novemba 4. Siku 15 bila tone.

Kwa kipimo hicho msimu haukuanza Oktoba 19. Ulianza Novemba 5, mvua iliporudi na kushika. Ile ya Mashujaa ilikuwa mwanzo wa uongo. Ndengu za mama zilichomoza kama Oktoba 27, zikakuta udongo wa kichanga ambao jua lilikuwa linaukausha kutoka juu kwenda chini, na nyingi zikanyauka zikiwa na majani mawili. Mvua iliporudi alipanda tena, Novemba 7, akijaza mapengo kwa mbegu aliyokuwa ameibakiza. Utabiri wa kuanza ulikosea kwa zaidi ya wiki mbili, ingawa kila mtu aliyekuwa barazani angeapa kwamba ulipatia.

Je, hicho ndicho kilichoangusha mavuno? Bado. Mtu mwenye haraka angefunga daftari hapa kwa kuwa amepata kosa. Lakini kuna tofauti kati ya kupata kosa na kupata kosa lililosababisha hasara, na ndengu zilizopandwa Novemba 7 bado zilikuwa na nafasi. Mvua ya Novemba ilikuwa nyingi kweli: kutoka tarehe 5 Novemba hadi tarehe 2 Desemba zilinyesha milimita 330, katika siku 28. Mbegu ya pili iliota ikasimama vizuri. Afisa anahitaji swali jingine, na katika maswali yote hili ndilo lenye thamani kubwa:

"Hizo debe mbili ulizovuna, zilitoka kwenye mashina ya mbegu ya kwanza yaliyopona, au ya mbegu ya pili?"

Mama hafikiri mara mbili. Ni yale ya kwanza. Yale ya pili yalikuwa ya kijani na mazuri, yakatoa maua katikati ya Desemba, maua yakaanguka. Maganda machache yaliyoshika yalikuwa mepesi, ukiyapasua unakuta punje mbili zilizosinyaa.

Jibu hilo linamaliza mambo mengi. Shamba ni lile lile, udongo ni ule ule, mbegu ilitoka mfuko mmoja, na kama wadudu walikuwepo walikuwa wa wote. Mashina yaliyotangulia kwa siku 17 yalizaa, yaliyofuata hayakuzaa. Kilichobaki kuwa tofauti kati yao ni wakati tu. Kwa hiyo mbegu iondolewe kwenye mashtaka: nailoni ilifanya kazi yake pale ilipopata maji.

Sasa hesabu. Mvua ilikoma Desemba 2, na utabiri ulikuwa umesema wiki ya tatu ya Desemba. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita mraba ya shamba. Udongo wa kichanga wenye kina cha nusu mita, kama ulivyo katika mashamba mengi ya Mwingi, unaweza kushika maji ya kama milimita 60 ambayo mizizi inaweza kuyanywa. Maji yanayozidi hapo huteremka au hukimbilia mtoni. Ndengu zilizofunika shamba hunywa milimita nne hadi tano kwa siku. Gawanya 60 kwa tano, unapata siku 12. Kwa nne, siku 15. Hata kama udongo ulikuwa umejaa kabisa Desemba 2, maji yaliisha kati ya tarehe 14 na 17.

Mbegu ya kwanza, iliyopandwa Oktoba 21, ilitoa maua mwishoni mwa Novemba mvua ikiwa bado inanyesha, na maji yalipokuwa yanaisha maganda yake yalikuwa karibu kukomaa. Mbegu ya pili, iliyopandwa Novemba 7, ilifungua maua siku ya 35 hadi 40, yaani kati ya Desemba 12 na 17. Maua yalifunguka wiki ile ile ambayo udongo uliishiwa. Kama mvua ingeendelea hadi wiki ya tatu ya Desemba, ilivyotabiriwa, akiba ya udongo ingefika mwanzoni mwa Januari, na sehemu kubwa ya maganda hayo ingejaa.

Sehemu zilizoanguka basi ni mbili, na zilishikana mikono. Mwanzo wa uongo ulisogeza mazao mbele kwa wiki mbili na zaidi. Kukoma mapema kukakata msimu wiki mbili kabla. Kila moja peke yake mama angeivumilia. Jumla, ambayo ofisi ingeitetea na ambayo wanabaraza wengi wangeishtaki, haikuwa na kosa.

Hapa mtu anaweza kuuliza kama mvua ya kwenye daftari ndiyo mvua ya shamba la mama. Ni swali la haki. Kipimamvua kinachosomwa kila siku saa tatu asubuhi mjini hakijui kilichotokea kilomita 25 mbali, nyuma ya kilima. Mawingu ya huku humwagilia kijiji kimoja na kuruka cha pili. Ndiyo maana eneo nalo ni dai, na lazima lipimwe kabla ya kushtaki kitu kingine chochote. Njia nzuri ni mkulima kuwa na kipimo chake, hata mkebe ulionyooka pande zote uliowekwa mahali pa wazi na kupimwa kwa rula kila asubuhi. Pasipo mkebe, afisa huuliza mambo mengine: je, mto wa mchanga ulipita maji siku zipi? Visima vya kuchimba mchangani vina kina gani Januari hii?

Swali la kisima linafaa zaidi kuliko linavyoonekana. Kitui ni nchi ya mabwawa ya mchanga. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na wanavijiji wamejenga mamia ya kuta za mawe na saruji katika mito ya msimu, ili mchanga ukusanyike na kuhifadhi maji. Mama akisema maji mchangani yako karibu, mikono miwili tu chini, lakini ndengu hakupata, tayari amekueleza mengi. Maji yalikuja. Hayakuja kwa wakati wa ndengu.

Lakini mto ni shahidi wa kuhojiwa kwa uangalifu. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na waumini waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji likivuka mto Enziu, papa hapa Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Msimu huo wa 2021 unahesabiwa miongoni mwa misimu mitano iliyofuatana ambayo mvua haikutosha katika Pembe ya Afrika, na Septemba ya mwaka huo ukame ulikuwa umetangazwa janga la taifa nchini Kenya. Mto uliweza kuua huku msimu ukiwa wa njaa. Mtu aliyetazama Enziu siku ile angesema mvua ni tele. Kwa hiyo mto huonyesha kwamba maji mengi yalishuka siku fulani. Hauonyeshi kwamba shamba lilipata kinywaji chake kila wiki.

Limebaki dai la uwezekano, na ndilo gumu kuliko yote kulihukumu. Waraka ulisema asilimia 45 kwa mvua ya juu ya wastani. Mvua ikaja ya wastani. Je, ulikosea? Msimu mmoja hauwezi kujibu. Aliyesema asilimia 45 amesema pia kwamba kuna asilimia 55 za jambo jingine. Njia pekee ya kumpima ni kukusanya misimu yote aliyowahi kusema 45 na kuhesabu: kama mvua ilizidi wastani karibu mara tisa katika misimu 20 ya namna hiyo, maneno yake ni ya kuaminika. Ikiwa ni mara tatu tu, anatia chumvi. Mama hana misimu 20 ya kusubiri, na hapaswi kuulizwa jambo hilo.

Anachopaswa kuulizwa ni aliambiwa nini. Utabiri husafiri kutoka Idara ya Hali ya Hewa jijini hadi kwa mkurugenzi wa kaunti, ukaenda redioni kwa Kikamba, ukafika kwa chifu, kanisani na sokoni. Katika safari hiyo asilimia huwa za kwanza kudondoka. Kilichotoka kikiwa 45, 35 na 20 hufika kikiwa "mwaka huu mvua ni nyingi". Mama akisema "tuliambiwa mvua nyingi", sehemu iliyoanguka haiko kwa mtabiri wala mbinguni. Iko njiani, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Mwaka 2015 Wakenya wengi walipitia jambo la namna hii kwa kiwango kikubwa. Bahari ya Pasifiki ilikuwa imepata joto lisilo la kawaida, na Elnino ile ikalinganishwa na ya 1997, ambayo ilibomoa madaraja na barabara nchini. Watu walijiandaa kwa mafuriko. Mvua ilikuja, sehemu nyingine nyingi, lakini haikukaribia ile ya 1997, na neno likaenea kwamba watu wa hali ya hewa walidanganya.

Ukilitenganisha jibu lile, utaona kwamba sehemu ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa: Elnino ya 2015 ilikuwepo na ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa. Kilichoyumba ni hatua ya pili, ile ya kutoka Pasifiki hadi shambani Kenya. Mvua zetu za mwisho wa mwaka husikiliza pia Bahari Hindi. Mwaka 1997 upande wa magharibi wa Bahari Hindi, huu wetu, ulipata joto kubwa kuliko upande wa Indonesia, na bahari mbili zikasukuma unyevu upande mmoja. Mwaka 2015 tofauti hiyo ya joto ilikuwa ndogo zaidi. Ushahidi wenye nguvu ulikuja 2019: Pasifiki haikuwa na Elnino ya kutisha, lakini Bahari Hindi ilikuwa na tofauti kubwa mno ya joto, na mvua ya mwisho wa mwaka ikaleta mafuriko na maporomoko ya ardhi nchini. Aliyesema 2015 kwamba "Elnino ni uongo" alitupa sehemu iliyokuwa kweli, akabaki bila kujua sehemu ya kuitazama 2019.

Kosa la aina hii si la wakulima peke yao. Ofisi nazo, zikilaumiwa bila kuambiwa kosa, hurekebisha kisichovunjika. Afisa aliyechomwa na maneno ya baraza anaweza msimu ujao kuwaambia watu wasipande hadi katikati ya Novemba, akidhani anawaepusha na mwanzo wa uongo. Msimu ukianza kwa kweli Oktoba 19 na kukoma Desemba 2, amewapotezea karibu mwezi katika msimu wa wiki sita, na hapo hata nailoni haitoshi.

Marekebisho yanayofaa hutoka katika sehemu zile mbili zilizoanguka. Utabiri wa miezi mitatu huwa na uwezo mzuri kiasi kwa jumla ya mvua, hasa kwa msimu huu wa Oktoba unaoongozwa na bahari. Ukavu wa siku 15 baada ya mvua ya kwanza hauwezi kuonekana Septemba. Huo hutafutwa kwa utabiri wa siku saba, ambao Idara huutoa kila wiki, na unaopaswa kumfikia mama kati ya mvua ya kwanza na kuingia kwake shambani. Ukionyesha wiki kavu mbele, anaweza kupanda sehemu tu ya shamba na kuibakiza mbegu. Nao utabiri wa kukoma ni dhaifu kuliko wa jumla, na afisa afadhali aseme hivyo waziwazi, ili atakayepanda mara ya pili Novemba achague kunde za kula majani au zao jingine la siku chache, asiweke matumaini yote kwenye maua ya katikati ya Desemba.

Hayo yote hayangejulikana kama mama angepewa tu ukurasa wa milimita 364, wala kama angeombwa radhi na kutumwa nyumbani. Yalijulikana kwa kuulizwa mashina yapi yalizaa.

Kuna jambo moja ambalo ofisi za kilimo na za hali ya hewa za Kitui na Makueni zinaweza kulifanya kabla ya Oktoba, na halihitaji fedha nyingi. Utabiri uandikwe barazani kwenye karatasi kubwa, kila dai mstari wake: kuanza, kukoma, jumla, uwezekano, eneo, mbegu. Karatasi ibaki kwa chifu. Januari irudishwe mbele ya watu wale wale, isomwe mstari kwa mstari pamoja na daftari la kipimamvua na mikebe ya wakulima, na kila mstari upewe hukumu yake. Na mama atakayesimama kusema "si kweli" apewe kiti mbele, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa shambani maua yalipoanguka.